Mgeni Alipwe Ngapi, na Mwenyeji Je?

Siri ya mshahara huvuja kwenye fomu ya mkopo. Mfanyakazi mpya anataka kukopa Saccos ya kazini, anatakiwa kuleta wadhamini wawili, anamwendea mwenzake wa ofisi ya jirani. Fomu imebanwa pamoja na hati ya mshahara. Mwenzake anashika kalamu asaini, macho yanatua kwenye namba iliyo mwisho wa hati, na kalamu inasimama. Yeye ana miaka tisa pale kazini. Mgeni ana miezi mitatu tu, na anampita kwa laki tano na nusu.

Kwa miaka niliyofanya kazi ya kupanga mishahara, nimejifunza kwamba mambo haya mara chache husababishwa na ubaya wa mtu. Kazi mpya ilizaliwa, nafasi ikatangazwa haraka, mtu akataja bei aliyoisikia mjini, wakubwa wakakubali, mkataba ukasainiwa. Hakuna aliyefungua orodha ya mishahara ya waliopo kabla ya kuitaja namba ile. Kosa liko hapo, na linaweza kuzuiwa kwa kazi ya siku chache.

Nitaieleza kazi hiyo kwa kiwanda cha mfano. Kiwanda chenyewe na mishahara yake nimevitunga kwa ajili ya makala haya, ila hesabu na mitego yake ndiyo ninayokutana nayo. Ni kiwanda cha kusindika maziwa katika mji mmoja wa Tanzania Bara, kina wafanyakazi sitini na kitu. Wateja wake wakubwa sasa wanadai uthibitisho wa usalama wa chakula, kwa hiyo uongozi umeamua kuanzisha kazi ambayo haikuwapo: msimamizi wa ubora. Kwenye kikao mkurugenzi anasema, "Mtu wa namna hiyo mjini ni milioni moja na laki nane. Mpeni hiyo, tuendelee." Ofisa rasilimali watu anajibu, "Mkurugenzi, naomba wiki moja kabla hatujaitangaza." Wiki hiyo ndiyo tutakayoifuata.

Kwanza kazi, bei baadaye

Siku ya kwanza ofisa hatafuti mishahara popote. Anakwenda kupokelea maziwa alfajiri. Pale getini mpimaji anachukua maziwa kidogo kutoka kwenye kila keni, anayachanganya na alkoholi kwa ujazo ulio sawa, anatikisa, anaangalia. Maziwa yakifanya vipande vipande yamekwisha kuchacha au yana kasoro, hayawezi kuhimili joto la kusindikwa, na lazima yarudishwe. Swali la ofisa ni dogo: nani anayesema yarudi? Anaambiwa kwamba hadi sasa mpimaji humpigia simu msimamizi wa uzalishaji, na msimamizi huyo ndiye anayeamua. Kuanzia sasa msimamizi wa ubora ndiye atakayekuwa na neno la mwisho, hata kama tanki zima la lita elfu kadhaa litarudi kwa wafugaji na mashine zikakaa bure asubuhi nzima.

Jambo hilo peke yake linaeleza uzito wa kazi kuliko jina lake. "Msimamizi wa ubora" mahali pengine ni karani anayejaza fomu za vipimo. Mahali pengine ni mtu anayeongoza maabara ya viwanda vitatu. Ukichukua bei ya mmoja ukaibandika kwa mwingine umekosea kabla hujaanza hesabu. Kwa hiyo ofisa anaandika ukurasa mmoja: kazi hii inaamua nini bila kuuliza, inasimamia watu wangapi, inahitaji elimu na uzoefu gani, ikikosewa hasara yake ni nini, na inafanyika katika mazingira gani. Kwa kiwanda chetu, kazi inasimamia watu wanne wa maabara na mapokezi, inataka shahada ya sayansi ya chakula au inayofanana nayo na miaka mitatu ya kazi, na iko chini ya meneja wa kiwanda.

Ukurasa huo ndio kipimo atakachokwenda nacho sokoni. Kanuni tunayoitumia ni kwamba kazi mbili zinalinganishwa pale tu majukumu yake yanapofanana kwa angalau robo tatu. Zikipungua hapo, jina lifanane lisifanane, bei zake haziwekwi kwenye kapu moja.

Soko linasema nini, na linasema kwa lugha gani

Habari za soko zina vyanzo vitatu vya kawaida, na havina uzito sawa. Cha kwanza ni utafiti wa mishahara unaouzwa na kampuni za ushauri: waajiri wenyewe hutoa takwimu za watu wao, na msomaji hupewa matokeo ya jumla bila majina. Cha pili ni mazungumzo na maofisa wenzako wa viwanda vingine na mawakala wa ajira. Cha tatu ni matangazo ya kazi, ambayo ndiyo dhaifu kuliko vyote, kwa sababu mengi hayataji mshahara kabisa, na yanayoutaja yanasema kinachoahidiwa. Kinacholipwa baada ya mazungumzo ni kitu kingine.

Ofisa wetu amepata viwango kutoka viwanda sita kwa njia ya mazungumzo. Tofauti ya lugha inajitokeza mara moja. Mmoja anasema mtu wake anapata "milioni moja laki moja na themanini", mwingine "milioni moja na laki sita", na ukiyasikiliza utadhani pengo lao ni kubwa. Kumbe wa kwanza anataja fedha ya mkononi na wa pili anataja mshahara ghafi, yaani kabla ya makato. Hebu tuushushe huo wa pili. Kwenye 1,600,000 mfanyakazi anakatwa asilimia 10 ya NSSF, yaani 160,000, na inayobaki kutozwa kodi ni 1,440,000. Kwa madaraja ya kodi ya mshahara ya Tanzania Bara, milioni ya kwanza inazaa kodi ya 128,000, na 440,000 inayozidi inatozwa asilimia 30, yaani 132,000. Kodi yote ni 260,000. Toa 160,000 na 260,000, mkononi inabaki 1,180,000. Watu wale wawili walikuwa wanataja mshahara ule ule.

Ndiyo maana swali la kwanza kwa kila anayekupa namba liwe: ni kabla ya makato au baada? Na la pili: ndani yake kuna posho gani? Kiwanda kimoja kinalipa posho ya nyumba na usafiri kila mwezi kwa fedha taslimu, kingine kimeziingiza ndani ya mshahara wa msingi. Posho ya fedha inayolipwa kila mwezi kwa kila mwenye kazi ile ihesabiwe pamoja na mshahara. Posho ya safari, ambayo ni ya kufidia gharama za aliyetoka nje ya kituo, ikae pembeni.

Baada ya kuzigeuza zote kuwa ghafi, ofisa ana namba sita: 1,350,000, 1,450,000, 1,550,000, 1,600,000, 1,800,000 na 3,400,000. Akizijumlisha na kuzigawa kwa sita anapata wastani wa karibu 1,858,000. Hapa ndipo ile "milioni moja na laki nane" ya mkurugenzi ilipotokea, na ndipo inapoonekana kuwa si kweli. Viwanda vitano kati ya sita havizidi 1,800,000. Namba moja imeuvuta wastani wote juu, kama mtu mmoja mnene anavyoinamisha mtumbwi.

Dawa yake ni kutumia mediani, yaani namba inayokaa katikati baada ya kuzipanga zote kutoka ndogo hadi kubwa. Kwa namba sita, katikati ni kati ya ya tatu na ya nne: 1,575,000. Lakini ofisa haishii hapo. Anapiga simu tena kuuliza kuhusu ile 3,400,000, na anaambiwa kwamba mwenye kazi hiyo anasimamia ubora wa viwanda vitatu na ana wasimamizi chini yake. Ile ni kazi ya meneja, haifiki robo tatu ya ufanano, na inatoka kwenye orodha. Mediani ya tano zilizobaki ni 1,550,000.

Kisha anafungua utafiti walioununua. Kwa kazi ya kiwango hiki, mediani yake ni 1,530,000, kutoka kwa waajiri kumi na wanne. Takwimu hizo zilikusanywa mwaka mmoja uliopita, na mishahara haisimami ikisubiri kitabu kichapwe. Kwa hiyo huongezewa kasi ya mwendo wa soko. Utafiti wenyewe ulionyesha waajiri walipanga kupandisha mishahara kwa asilimia 5, basi 1,530,000 inazidishwa kwa 1.05 na kuwa 1,606,500. Kati ya 1,550,000 ya mazungumzo na 1,606,500 ya utafiti, ofisa anaegemea utafiti kwa sababu una waajiri wengi zaidi, na anazungusha kuwa 1,600,000. Usahihi wa shilingi mia tano hapa ni wa kujidanganya. Ukiwa na vyanzo hivi, kukosea kwa laki moja juu au chini ni jambo la kawaida, na skeli tunayokwenda kuijenga lazima iweze kulibeba kosa hilo.

Neno moja kuhusu kima cha chini cha mshahara. Amri ya serikali hutaja kima hicho kwa kila sekta, na hakuna ruhusa ya kushuka chini yake. Ila hiyo ni sakafu ya sheria kwa mfanyakazi wa ngazi ya chini kabisa. Kwa kazi ya msimamizi haikwambii chochote kuhusu bei yake.

Kuijenga skeli

Mshahara wa kazi hauwi namba moja, kwa sababu watu wawili wanaweza kuifanya kazi ile ile mmoja akiwa anajifunza na mwingine akiwa ameiiva. Skeli ina kiwango cha chini, cha kati na cha juu. Cha kati tumekipata sokoni. Upana wake unategemea kazi: kazi za kurudiarudia, ambazo mtu huziweza ndani ya miezi michache, hupewa skeli nyembamba, kazi za usimamizi na utaalamu, ambazo mtu huendelea kukua ndani yake kwa miaka, hupewa pana zaidi. Kwa usimamizi wa ngazi hii tunaweza kuchukua upana wa asilimia 40, maana yake kiwango cha juu kiwe asilimia 40 juu ya kiwango cha chini.

Hesabu yake haina ugumu. Gawa kiwango cha kati kwa 1.2, kwa kuwa nusu ya asilimia 40 ni asilimia 20: unapata kama 1,330,000, nacho ndicho cha chini. Zidisha hicho kwa 1.4: unapata kama 1,870,000, nacho ndicho cha juu. Kati yao kuna 540,000, na ukiigawa kwa tatu kila theluthi ni 180,000. Theluthi ya chini, hadi 1,510,000, ni ya mtu mwenye sifa zinazotakiwa lakini bado anaizoea kazi. Ya kati, hadi 1,690,000, ni ya anayeifanya kazi yote bila kushikwa mkono. Ya juu ni ya wachache ambao ujuzi wao unazidi kinachotakiwa, na kazi yao inaonyesha.

Maelezo ya theluthi hizi huandikwa kabla jina la mwombaji yeyote halijajulikana. Yakiandikwa baadaye, watu huanza kumshonea suti mtu waliyekwisha kumpenda.

Wengi huishia hapa, wakaridhika kwamba skeli ni ya haki kwa sababu imetoka sokoni. Haki ya mshahara ina upande wa pili, na upande huo uko ndani ya nyumba.

Kuwaweka waliopo kwenye mizani

Sasa ofisa anafungua orodha ya mishahara. Anatafuta kazi ambazo thamani yake inakaribiana na hii mpya, na zile zilizo moja kwa moja chini yake na juu yake. Anazipata nne. Msimamizi wa uzalishaji, mwanamke mwenye miaka tisa kiwandani, analipwa 1,250,000. Msimamizi wa ghala na usambazaji, mwanamume mwenye miaka minne, analipwa 1,480,000. Mtaalamu mwandamizi wa maabara, atakayekuwa chini ya msimamizi mpya, analipwa 1,150,000. Meneja wa kiwanda, aliye juu ya wote, analipwa 2,600,000.

Je, kazi hizi zina thamani sawa na ya ubora? Jibu la haraka la "uzalishaji ni uzalishaji, ubora ni utaalamu" halitoshi. Njia inayotetewa kimataifa, tangu Shirika la Kazi Duniani lilipopitisha Mkataba namba 100 wa mwaka 1951 kuhusu malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa, ni kuzipima kazi zenyewe kwa vigezo vilivyo wazi. Vigezo vinne ndivyo vinavyotumika zaidi: ujuzi, wajibu, juhudi na mazingira ya kazi. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri achukue hatua za makusudi kuhakikisha wanawake na wanaume wanalipwa sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Zingatia maneno hayo: sheria haikusema kazi ile ile. Kazi mbili tofauti kabisa zinaweza kuwa na thamani moja.

Kwenye kiwanda chetu kamati ya watu wanne, akiwamo mwakilishi wa wafanyakazi, inapewa maelezo ya kazi peke yake, bila majina na bila mishahara. Kwenye alama mia, ujuzi umepewa 35, wajibu 40, juhudi 15 na mazingira 10. Kazi ya ubora inapata jumla ya 72. Kazi ya ghala inapata 66, ya mtaalamu mwandamizi wa maabara 55. Kazi ya uzalishaji inapata 75.

Namba hiyo ya mwisho inaleta ukimya mezani, na kamati inarudi kuipitia. Kwenye ujuzi, uzalishaji ulipewa 24 na ubora 28, kwa kuwa ubora unadai shahada. Kwenye wajibu ukapata 32 dhidi ya 30: msimamizi wa uzalishaji ana watu kumi na tisa kwa zamu, na mtambo wa kuchemshia maziwa ukizimika saa nane usiku simu inalia kwake. Kwenye juhudi ukapata 12 dhidi ya 9, kwenye mazingira 7 dhidi ya 5: mvuke, sakafu yenye maji, na kusimama saa nane. Hakuna aliyeweza kuonyesha alama iliyozidishwa. Kilichowashtua ni kwamba kazi hiyo walikuwa wakiiona kila siku, na kwa sababu hiyo wakaacha kuiona.

Tofauti ya alama 72 na 75 si kitu. Upimaji huu ni uamuzi wa watu, na kamati nyingine ingeweza kutoa 73 na 72. Ndiyo maana alama hukusanywa katika madaraja. Kiwanda kimeamua alama 60 hadi 79 ziwe daraja moja, kwa hiyo ubora, uzalishaji na ghala ni daraja moja, na skeli ile ya 1,330,000 hadi 1,870,000 ni ya kazi zote tatu. Maabara iko daraja la chini yake.

Pengo linapoonekana

Sasa chukua mshahara wa kila mmoja uugawe kwa kiwango cha kati, 1,600,000. Wa ghala ni 0.93 hivi. Wa uzalishaji ni 0.78. Katika skeli yenye upana wa asilimia 40, kiwango cha chini kabisa ni 0.83, kwa hiyo msimamizi wa uzalishaji hayupo hata mlangoni pa skeli ya kazi yake mwenyewe. Miaka tisa, na analipwa chini ya kiasi ambacho kiwanda kimekubali kumpa mgeni asiye na uzoefu wa kutosha.

Alifikaje hapo? Faili lake linaeleza. Aliingia kama mfungashaji, akapanda kuwa kiongozi wa zamu, kisha msimamizi. Kila alipopandishwa aliongezewa asilimia juu ya mshahara wake wa zamani. Asilimia ya kidogo ni kidogo. Mwenzake wa ghala aliajiriwa kutoka nje, akajadiliana mlangoni, na bei ya soko ikaingia naye. Hakuna aliyekaa akaamua kumlipa mwanamke pungufu, lakini matokeo ni yale yale, na mbele ya sheria mwajiri atatakiwa kueleza tofauti hiyo kwa sababu inayohusu kazi. "Alianzia chini" si sababu inayohusu kazi anayoifanya leo.

Kila mahali ninapofanya kazi hii, hatua hii ndiyo inayozaa kishawishi cha kuufunga mjadala. Wengine husema, "Basi tumshushe mgeni alingane naye." Ukifanya hivyo unatangaza kazi kwa 1,250,000 kwenye soko la 1,600,000, na utapata mtu atakayekaa hadi apate pengine. Wengine husema, "Tumlipe mgeni bei ya soko, na hati yake iwe siri." Fomu ya Saccos itaifumbua siri hiyo. Njia iliyobaki ni kuzisahihisha zote kwa pamoja, na kabla ya kuikimbia kwa kuogopa gharama, ihesabu.

Mpango wa mkurugenzi ulikuwa kumlipa mgeni 1,800,000. Mwombaji aliyefaa ana miaka mitatu ya uzoefu, na hajawahi kuwa msimamizi. Kwa maelezo yaliyokwisha kuandikwa, yeye ni wa theluthi ya chini, karibu na kilele chake: 1,470,000. Hiyo ni 330,000 pungufu ya mpango wa kwanza. Msimamizi wa uzalishaji anaifanya kazi yote bila kushikwa mkono, kwa hiyo mahali pake ni theluthi ya kati, na anapandishwa hadi 1,520,000: nyongeza ya 270,000. Wa ghala naye ni wa theluthi ya kati kwa vigezo hivyo hivyo, anakwenda 1,520,000: nyongeza ya 40,000. Nyongeza zote mbili ni 310,000. Kiwanda kimewarekebisha wawili, kimemwajiri wa tatu, na bado kimetumia pungufu kwa 20,000 kwa mwezi kuliko ile namba iliyotajwa kikaoni.

Mwajiri akumbuke pia kwamba kila shilingi ya mshahara ghafi ina mkia. Kwa kampuni inayochangia NSSF nusu kwa nusu na mfanyakazi wake, kuna asilimia 10 ya mwajiri, tozo ya kuendeleza ujuzi ya asilimia 3.5, na mchango wa mfuko wa fidia kwa wafanyakazi wa asilimia 0.5. Jumla ni asilimia 14. Nyongeza ya 310,000 inagharimu 353,400 kwa mwezi. Bajeti iandikwe kwa namba hiyo.

Hesabu haitakaa vizuri hivi kila mara. Kiwanda chenye watu kumi na watano walio chini ya skeli hakiwezi kuwainua wote kwa mwezi mmoja. Hapo mpangilio ni huu: walio chini ya kiwango cha chini wafikishwe hapo kwanza, siku ile ile mgeni anapoanza, kisha wazoefu walio kwenye theluthi isiyo yao wasogezwe kwa awamu mbili au tatu, kwa tarehe zilizoandikwa na kutangazwa kwao. Ikiwa hata hilo haliwezekani, kiwanda kikubali kwamba hakiwezi kulipa mediani, kishushe kiwango cha kati cha daraja zima hadi, tuseme, 1,500,000, na kila mtu wa daraja hilo apimwe kwa hicho, mgeni akiwamo. Kampuni inaweza kuwa na uwezo mdogo na bado ikalipa kwa haki. Kisicho cha haki ni umaskini kwa mwenyeji na ukwasi kwa mgeni.

Ziangaliwe pia kazi za juu na chini. Mtaalamu mwandamizi wa maabara yuko kwenye 1,150,000 na bosi wake mpya anaingia na 1,470,000. Nafasi hiyo inatosha kumfanya mtaalamu atamani kupanda. Pengo hilo likishuka chini ya asilimia 10 hivi, hakuna atakayetaka kubeba mzigo wa usimamizi kwa nyongeza ya nauli.

Mwombaji akisema, "Mimi ni milioni moja na laki nane"

Atasema, na ni haki yake kusema. Jibu zuri ni kumwonyesha skeli, kumweleza theluthi tatu na maana yake, na kumuuliza ni kitu gani katika uzoefu wake kinachomweka juu ya hapo. Akionyesha kwamba aliwahi kusimamia maabara na kuongoza kiwanda hadi kikapata cheti, umekosea kumweka chini, msogeze. Akisema tu kwamba ndivyo anavyolipwa sasa, hiyo ni habari kuhusu mwajiri wake. Kwa sababu hiyo mimi siombi hati ya mshahara wa zamani. Mtu aliyepunjwa alikotoka hupunjwa tena kwa kipimo hicho, na ndivyo pengo la yule mama wa uzalishaji linavyoweza kuhama naye kutoka kiwanda hadi kiwanda.

Kuna kizuizi kimoja kisichovunjwa: mgeni hawekwi juu ya mwenyeji wa daraja lile lile mwenye uwezo sawa au zaidi. Ikibidi kumweka hapo kwa sababu soko limepanda kweli, mwenyeji anapanda kwanza. Na soko likipanda utaliona: waombaji watatu wenye sifa wanakataa mfululizo kwa sababu ya fedha tu, au kila mtu mpya unamwajiri juu ya kiwango cha kati. Dalili hizo zinakwambia kiwango cha kati kimezeeka, na ni yeye wa kurekebishwa, kwa daraja zima.

Skeli hii basi hupitiwa kila mwaka, kwa hesabu zile zile. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na kazini ndivyo ilivyo: msimamizi wa ubora anayeingia leo, mwakani atakuwa mwenyeji, na mlangoni atakuwa amesimama mtu mwingine na bei ya soko mkononi. Mwenyeji mpya naye ataletewa fomu ya mkopo asaini. Atasoma namba ya mwenzake, na akiuliza kwa nini inatofautiana na yake, meneja wake awe na jibu linalohusu kazi, lililoandikwa kabla ya wote wawili kufika.